Mti wa uwezekano uliopigwa picha: usome matawi, uuchore upya, au uhesabu jozi?

Karibu na mitihani, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa kidato cha nne, picha ya namna hii haikosekani: ukurasa wa daftari, mti wa uwezekano umechorwa kwa kalamu ya bluu, kivuli cha mkono wa mpiga picha kimelala upande mmoja, na chini yake ujumbe mfupi, "Jamani, hapa jibu ni ngapi?" Ukikuza picha kwa vidole viwili unaona hiki:

```
                  5/9   N
    3/5   N  ---<
                  4/9   K

                  2/3   N
    2/5   K  ---<
                   ?    K
```

Sehemu kubwa ya maneno ya swali imekatwa. Kilichobaki ni kwamba gololi mbili zinachomolewa mfukoni bila kuangalia, moja baada ya nyingine, na ya kwanza hairudishwi. N ni nyekundu, K ni ya kijani. Tawi la chini kabisa limemezwa na kivuli. Tunatakiwa kutafuta uwezekano wa gololi zote mbili kuwa za rangi moja.

Jibu linaweza kupatikana kwa njia tatu. Unaweza kuyasoma matawi kama yalivyo na kuzidisha. Unaweza kuuchukua mti kama ushahidi, ukatafuta kwanza mfukoni mlikuwa na gololi ngapi, kisha ukauchora upya kwa mkono wako. Au unaweza kuachana na mti na kuhesabu jozi za gololi. Picha ikiwa safi na mchoraji akiwa hakukosea, zote tatu zinafika mahali pamoja. Zinaachana pale picha inapokuwa na dosari au swali linapobadilika kidogo, na hapo ndipo inafaa kujua uanze na ipi.

Kuyasoma matawi kama yalivyo

Hii ndiyo ya haraka. Ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia kwenye njia moja, unazidisha. Ukiwa na njia zaidi ya moja zinazokidhi swali, unajumlisha majibu yake. Nyekundu kisha nyekundu ni 3/5 × 5/9, yaani 15/45, ambayo ni 1/3. Kijani kisha kijani inahitaji lile tawi lililofichwa, lakini kivuli hakitusumbui hapa: matawi mawili yanayotoka kwenye panda moja lazima yajumlike kuwa 1, kwa hiyo lililofichwa ni 1 − 2/3 = 1/3. Basi kijani kisha kijani ni 2/5 × 1/3 = 2/15. Rangi moja ni 1/3 + 2/15, yaani 5/15 + 2/15 = 7/15.

Mistari mitatu, kazi imekwisha. Kama picha inasomeka na unamwamini aliyechora, sioni sababu ya kujichosha na zaidi ya hapo.

Tatizo ni hilo neno "unamwamini". Njia hii inarithi kosa lolote lililomo kwenye mchoro, na makosa ya mti wa kuchomoa bila kurudisha yana tabia mbaya ya kupita ukaguzi ambao wengi tumefundishwa. Chukua mfuko wenye gololi 6 nyekundu na 4 za kijani. Mwanafunzi anajua kwamba baada ya kuchomoa ya kwanza zinabaki 9, na kwamba rangi moja inapungua kwa moja. Ila anapunguza rangi isiyohusika. Kwenye panda ya juu, baada ya nyekundu kutoka, anaandika 6/9 nyekundu na 3/9 kijani. Kwenye panda ya chini, baada ya kijani kutoka, anaandika 5/9 nyekundu na 4/9 kijani. Amezibadilisha panda mbili mahali.

Sasa kagua kama ulivyozoea. Panda ya juu: 6/9 + 3/9 = 1. Panda ya chini: 5/9 + 4/9 = 1. Ncha zote nne: 36/90, 18/90, 20/90 na 16/90, jumla 90/90. Kila kitu kinakaa sawa, na mti wote ni mbovu. Ukiusoma huo kwa swali letu, rangi moja inakuwa 36/90 + 16/90 = 52/90, badala ya 42/90. Jumla kuwa 1 haikukusaidia chochote.

Kinachomkamata ni kulinganisha ncha mbili za katikati, yaani N kisha K na K kisha N. Hizo lazima ziwe sawa kabisa. Ya kwanza ni 6 × 4 juu ya 10 × 9, ya pili ni 4 × 6 juu ya 10 × 9. Ni kuzidisha kulekule kwa mpangilio uliogeuzwa. Kwenye mti mbovu zinatoka 18/90 na 20/90, na hapohapo unajua kuna kitu. Kwenye picha yetu, 3/5 × 4/9 = 4/15, na 2/5 × 2/3 = 4/15. Zinalingana, kwa hiyo panda hazikubadilishwa.

Kuna ukaguzi mwingine ambao hauhitaji hata kuzidisha. Nyekundu ikitoka na isirudi, nyekundu zinapungua uzito mfukoni. Kijani ikitoka, nyekundu zinaongezeka uzito. Kwa hiyo namba ya N kwenye panda ya juu lazima iwe ndogo kuliko ya panda ya kwanza, na ya panda ya chini iwe kubwa. Kwetu 5/9 ni kama 0.56, 3/5 ni 0.6, na 2/3 ni kama 0.67. Zimepangana inavyotakiwa. Ukaguzi huu una faida moja ambayo ule wa ncha za katikati hauna: unamkamata hata aliyesahau kabisa kwamba gololi hairudishwi. Huyo huandika 3/5 na 2/5 kwenye panda zote tatu, jumla zinatoka 1, ncha za katikati zinalingana, na bado swali limejibiwa vingine. Panda za pili zikiwa nakala ya panda ya kwanza, mti huo ni wa kuchomoa na kurudisha.

Kuhusu macho na picha zenyewe: usisome tawi moja peke yake, soma panda nzima kwa pamoja. Tisa iliyoandikwa haraka hugeuka saba au nne, moja yenye kofia hugeuka saba, na mstari wa sehemu ulioinama hufanya 1/3 ionekane kama 113. Ukisoma tawi la juu kuwa 5/9 na mwenzake kuwa 4/7, jumla haiwezi kuwa 1, kwa hiyo mmojawapo umesomwa vibaya. Kama asili ya tawi moja inaonekana vizuri na hakuna kilichorahisishwa, basi asili ya mwenzake ni hiyohiyo, na kiasi cha hapa na cha pale vikijumlishwa vinatoa asili. Yaani kwenye panda yenye namba nne, mbili zinazosomeka vizuri mara nyingi zinatosha.

Kuuchora mti upya

Kwenye picha yetu kuna jambo linalowachanganya wengi. Panda ya kwanza ina asili 5, ya juu ina 9, ya chini ina 3. Swali la kwanza la mwanafunzi makini huwa hili:

"Shikamoo mwalimu. Kama gololi zilikuwa 5, zilipochomolewa zikawaje 9?"

"Marahaba. Hazikuwa 5. Huyo amerahisisha sehemu kabla ya wakati. Mwambie akuletee namba kabla hazijarahisishwa."

Jibu la mwalimu ni sahihi, ila kuna wakati mwenye daftari amelala na simu yake imezimwa. Habari njema ni kwamba mti wenyewe una kumbukumbu ya gololi, hata ukirahisishwa. Tazama matawi mawili ya N kwenye hatua ya pili. Kwenye panda ya chini nyekundu zote bado zimo mfukoni. Kwenye panda ya juu imepungua moja. Idadi ya gololi zilizobaki ni ileile pande zote mbili. Kwa hiyo tofauti ya matawi hayo mawili ni gololi moja tu, ikigawanywa kwa idadi iliyobaki. Hapa 2/3 − 5/9 = 6/9 − 5/9 = 1/9. Zilizobaki ni 9, mwanzoni zilikuwa 10. Tatu kwa tano ya 10 ni 6. Mfuko ulikuwa na nyekundu 6 na kijani 4, na hukuhitaji kumwamsha mtu.

Toa tawi la N la juu kwenye tawi la N la chini, pindua jibu, ongeza moja. Kwangu hiki ndicho kipimo kinachofaa kuliko vyote kwa mti uliopigwa picha, kwa sababu kinatafuta idadi na kukagua mchoro kwa pamoja. Kikitoa namba ya ajabu, mathalani 2/9, ambayo ukiipindua unapata gololi nne na nusu, mti una kosa au umesoma vibaya. Kikitoa sifuri, gololi ilirudishwa. Kikitoa hasi, panda zimebadilishwa mahali.

Sasa unachora upya bila kurahisisha chochote:

```
                   5/9   N      30/90
    6/10   N  ---<
                   4/9   K      24/90

                   6/9   N      24/90
    4/10   K  ---<
                   3/9   K      12/90
```

Rangi moja: 30/90 + 12/90 = 42/90 = 7/15. Jibu ni lilelile, lakini angalia raha ya upande wa kulia. Ncha zote zina asili 90, kwa hiyo hakuna kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Unajumlisha viasi tu. Katika njia ya kwanza tulilazimika kugeuza 1/3 kuwa 5/15 kabla ya kujumlisha. Kwa namba hizi ni jambo dogo, lakini mti ukiwa na asili kama 14 na 13, kurahisisha mapema kunakuachia sehemu ambazo hazifanani na jumla inayochosha. Rahisisha mwishoni, mara moja.

Njia hii pia ndiyo inayookoa picha iliyokatwa. Ikikatwa kulia, ambako huwa kuna majibu ya kuzidisha, hujapoteza kitu. Hayo unayatengeneza mwenyewe. Ikikatwa kushoto, panda ya kwanza yote ikapotea, bado unaweza. Tofauti ya matawi ya N inakupa gololi 9 zilizobaki. Panda ya juu inasema kwamba baada ya nyekundu kutoka zilibaki nyekundu 5 na kijani 4. Irudishe hiyo nyekundu mfukoni kwa mawazo, unapata 6 na 4. Panda ya chini inakubaliana: nyekundu 6 na kijani 3 zilizobaki, ongeza kijani iliyotoka.

Kwenye mti wa desimali inafanya kazi pia, ila kwa ulegevu. Aliyeandika 0.56 na 0.67 anakupa tofauti 0.11, na 1 ukigawa kwa 0.11 unapata 9 na kidogo, ambayo ni 9. Gololi zikiwa nyingi, tarakimu mbili baada ya nukta hazitoshi. Ulegevu huohuo unaharibu ule ukaguzi wa ncha za katikati: 0.6 × 0.44 ni 0.264, na 0.4 × 0.67 ni 0.268. Hazilingani, na hakuna aliyekosea. Ni kukadiria tu. Ndiyo maana mti wa desimali mimi naujenga upya kwa sehemu kabla ya kuugusa, hata kama unasomeka vizuri. Na nukta yenyewe kwenye picha yenye kivuli ni kitu cha kwanza kupotea.

Gharama yake ni muda, na pia inahitaji uone angalau panda mbili. Ukiwa na panda moja tu iliyorahisishwa, imekwama. Nitarudi hapo.

Kuhesabu jozi

Njia ya tatu haijali nani alitoka kwanza. Gololi 10 zinatoa jozi 10 × 9 ÷ 2 = 45. Nyekundu 6 zinatoa jozi 6 × 5 ÷ 2 = 15. Kijani 4 zinatoa 4 × 3 ÷ 2 = 6. Jozi za rangi mchanganyiko ni 6 × 4 = 24. Jumlisha 15, 6 na 24: unapata 45, hakuna jozi iliyopotea. Rangi moja ni 21 kati ya 45, yaani 7/15.

Kama kukagua jibu la mti, hakuna kinachozidi hii, kwa sababu haitumii tawi hata moja. Ukikosea kwenye mti na ukakosea tena hapa, ni vigumu makosa mawili ya aina tofauti yatoe jibu moja. Mtihani ukikutaka uchore mti, chora mti. Hii iandike pembeni kwa penseli kujiridhisha.

Lakini ina mtego wake, na mtego huo unaua wanafunzi wazuri. Ni kuchanganya hesabu inayojali mpangilio na isiyojali. Mtu anaulizwa uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti. Anakumbuka kwamba mchanganyiko ni 6 × 4 = 24, anakumbuka kwenye mti kulikuwa na 90, anaandika 24/90. Kumbe 90 inahesabu kila jozi mara mbili, nyekundu kwanza na kijani kwanza, wakati 24 imehesabu mara moja. Jibu ni 24/45, au 48/90 kama unaona raha kubaki na 90. Kujikagua ni rahisi: rangi moja na rangi tofauti lazima zijumlike kuwa 1. Kwetu 21/45 + 24/45 inakubali. Yule wa 24/90 atapata 42/90 + 24/90 = 66/90 na kujua kwamba ameacha kitu nje.

Na kuna sharti: lazima ujue idadi ya gololi. Ukiwa na picha ya mti uliorahisishwa huwezi kuanza na njia hii moja kwa moja. Unapitia kwanza ule mlango wa kutoa matawi. Kwa hiyo kama idadi imeandikwa kwenye picha, jozi zinaweza kuwa njia fupi kuliko zote. Kama haikuandikwa, ni njia ya pili ikiongezwa hatua.

Inapong'ara ni rangi zikizidi mbili. Mfuko wenye nyekundu 5, kijani 3 na bluu 2 unatoa mti wenye ncha tisa, na kwenye daftari ncha tisa huandikwa kwa herufi za siafu ambazo kamera haizipendi. Jozi za rangi moja hapo ni 10 + 3 + 1 = 14 kati ya 45, umemaliza. Mti ungekupa 20/90 + 6/90 + 2/90 = 28/90, ambayo ni hiyohiyo 14/45, baada ya kukodolea macho matawi kumi na mawili.

Swali linapobadilika

Tumekaa na swali la rangi moja, ambalo njia zote tatu zinalimudu. Si maswali yote yako hivyo.

Swali la "angalau moja iwe nyekundu" ni la kusoma matawi, na unahitaji njia moja tu: ile ya chini kabisa. Unatoa kijani kisha kijani kwenye 1: 1 − 2/15 = 13/15. Hata picha ikiwa imeharibika juu yote, ikibaki njia ya chini inatosha. Wengi hujumlisha ncha tatu za juu. Si kosa, ni kupanda ngazi wakati kuna mlango.

Swali linalotaja mpangilio, kama "ya kwanza nyekundu na ya pili kijani", liache kwenye mti. Ni njia moja, 24/90 au 4/15. Hapa jozi zitakudanganya, maana jozi haijui kipi kilitangulia, na 24/45 itakuwa mara mbili ya jibu.

Swali la "ya pili iwe nyekundu", bila kusema lolote kuhusu ya kwanza, linawashangaza watu. Kwenye mti ni njia mbili: nyekundu kisha nyekundu, na kijani kisha nyekundu. 30/90 + 24/90 = 54/90 = 3/5. Ni uwezekano uleule wa ya kwanza kuwa nyekundu. Kosa la kawaida hapa ni kuchagua tawi moja, 5/9 au 2/3, na kuliandika kama jibu. Tawi la hatua ya pili halisemi "ya pili ni nyekundu", linasema "ya pili ni nyekundu ukishajua ya kwanza ilikuwa hii". Kina mama wa mchezo wa kupeana wanalijua hili kwa vitendo, ingawa ubishi hauishi: vikaratasi 10 bakulini, vinne ni vya kupokea mapema, na kila mtu anagombea kuvuta wa kwanza. Anayevuta wa pili ana 4/10 × 3/9 + 6/10 × 4/9, yaani 36/90, ambayo ni 4/10. Hajapunjwa chochote, mradi cha kwanza hakijafunguliwa mbele yake. Kikifunguliwa, anahama kwenye tawi lake, 3/9 au 4/9.

Lililo gumu zaidi ni la kurudi nyuma: tumeona ya pili ni nyekundu, je, uwezekano wa ya kwanza kuwa nyekundu ni upi? Mti uliochorwa upya ndio mahali pake, kwa sababu ya ile 90. Njia zinazoishia na nyekundu zina 30 na 24, jumla 54. Kati ya hizo, zilizoanza na nyekundu ni 30. Jibu ni 30/54 = 5/9. Hakuna kugawanya sehemu kwa sehemu. Ukiifanya kwa mti uliorahisishwa utaandika 1/3 ÷ 3/5, utafika, ila ndipo watu wanapopindua sehemu isiyotakiwa kupinduliwa.

Picha ambayo hakuna njia inayoiweza

Tuseme kivuli kimefunika hatua ya pili yote, na unachoona ni 3/5 na 2/5 tu, idadi ya gololi haipo. Kishawishi ni kudhani zilikuwa 5. Zikiwa 5, nyekundu mbili zina uwezekano wa 3/5 × 2/4 = 0.30. Zikiwa 10, ni 0.33. Zikiwa 15, yaani nyekundu 9 na kijani 6, ni 9/15 × 8/14, kama 0.34. Zote zinaanza na panda ileile na kuachana baada ya hapo, kwa hiyo huwezi kujibu na usijaribu.

Hapo unaomba picha nyingine, na si lazima iwe ya ukurasa mzima. Unachohitaji ni kimojawapo kati ya hivi: idadi ya gololi, au tawi moja tu la hatua ya pili ukijua liko juu au chini. Ukipata tawi la N la chini, 2/3, hesabu inafunguka: nyekundu ni 3/5 ya zote, na hizohizo ni 2/3 ya zilizobaki. Jaribu 5: nyekundu 3 kati ya 4 zilizobaki, hapana. Jaribu 10: nyekundu 6 kati ya 9, ndiyo. Mwambie pia aitume kama faili badala ya picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha, na katika kubanwa huko mistari myembamba ya sehemu ndiyo inayofifia kwanza.